Mizania ya Duka: Maana ya Mali na Uchakavu

Mwanachama mmoja mwenye duka dogo alituletea mizania yake ya kwanza, akatuuliza: "Friji niliinunua kwa shilingi 1,200,000, na hapa imeandikwa 1,000,000. Zile 200,000 nani kazichukua?"

Hakuna aliyezichukua. Tuanze na neno mali. Katika mizania, mali ni kila kitu cha duka kitakacholiletea faida mbele. Mali za duka lake zilikuwa hizi: fedha taslimu 300,000; bidhaa 1,500,000; madeni anayowadai wateja 200,000; na friji 1,000,000. Jumla ni 3,000,000. Katika hizo, yeye mwenyewe adaiwa 800,000 na muuzaji wa jumla, basi iliyo yake khasa ni 2,200,000.

Sasa uchakavu. Sote twajua kuwa jamvi la kuanikia karafuu halimalizwi na msimu mmoja, wala halidumu milele. Kila msimu hula sehemu yake. Friji nayo ni vivyo hivyo. Karani alikadiria kuwa itafanya kazi miaka 5, kisha itauzwa kwa 200,000. Basi gharama ya kugawanywa ni 1,000,000, na kila mwaka hubeba 200,000. Hiyo ndiyo uchakavu. Bidhaa za kuuza hazihesabiwi hivyo, kwani hizo hukaa dukani muda mfupi tu.

Kwa nini gharama yote isiandikwe mwaka wa kwanza? Kabla ya kuhesabu friji, duka lilipata faida ya 1,100,000. Kama tungeitoa bei yote ya friji, hesabu ingeonyesha hasara ya 100,000, na miaka minne inayofuata ingeonekana kama kwamba friji ile inatumika bure. Kwa kutoa 200,000 tu, faida ni 900,000, na hiyo ndiyo kweli ya mwaka ule.

Mambo mawili huwakosesha wengi. La kwanza, ile 1,000,000 si bei ya sokoni. Akitaka kuiuza leo huenda akapata chini ya hapo. Ni sehemu ya gharama ambayo bado haijagawanywa.

La pili ni kubwa zaidi. Kuandika uchakavu si kuweka akiba. Mwaka ule fedha za uchakavu hazikutoka dukani kwenda kwa mtu, na kwa hiyo ni rahisi kuzitumia nyumbani. Mwenye duka akiitumia 1,100,000 yote kila mwaka, siku friji itakapokufa hatakuwa na cha kununulia nyingine. Akijiwekea kando 200,000 kila mwaka, baada ya miaka 5 atakuwa na 1,000,000. Akiuza na ile kuukuu kwa 200,000, bei ya kwanza imerudi. Na kama bei zimepanda, atahitaji kuongeza kidogo tu.