Kwa nini "wati" huanza kwa herufi ndogo na alama yake ni W kubwa

Geuza jiko la umeme usome kibandiko chake. Huenda pameandikwa 2 kW. Jiko hilo likiwaka nusu saa hula 1 kWh, yaani uniti moja ya LUKU. Katika herufi hizo tatu ni W pekee iliyo kubwa, na sababu yake ni mtu: James Watt, fundi wa Uskoti aliyeboresha injini ya mvuke na kufariki mwaka 1819.

Mwaka 1882 William Siemens alipendekeza jina la Watt lipewe kizio cha nguvu. Tangu hapo jina hilo lina kazi mbili. Tukimtaja fundi mwenyewe, ni jina la mtu na huanza kwa herufi kubwa. Tukisema taa ya wati 60, hatumtaji mtu tena. Tunahesabu kitu, kama tunavyohesabu mita au dakika, kwa hiyo linaandikwa kama nomino yoyote ya kawaida. Ndivyo ilivyo kwa volti, nyutoni na paskali pia.

Alama ina kanuni yake. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 1948 uliamua kwamba alama za vizio ziwe herufi ndogo, isipokuwa zinazotokana na jina la mtu. Huko ndiko heshima ya mwanasayansi ilikobaki, na kuna faida nyingine kubwa: herufi ni chache, vizio ni vingi. Kwa njia hii h ni saa na H ni henri, s ni sekunde na S ni simensi. Alama ya jina la mtu yenye herufi mbili hukuza ya kwanza tu, kama Pa na Hz.

Sasa rudi kwenye uniti ya umeme. Wengi huandika KWH. K kubwa ni kelvini, kizio cha jotoridi, na H ni henri, kwa hiyo maandishi hayo hayasemi tena kilowati-saa. k ya kilo huandikwa ndogo, nayo si alama ya kizio, ni kiambishi cha elfu moja.

Viambishi ndivyo vinavyoleta hatari zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, lina uwezo wa 2115 MW. Andika 2115 mW na umebakiwa na wati mbili na kidogo, za balbu ndogo ya LED, kwa kuwa m ni mili, sehemu ya elfu, na M ni mega, milioni.

Lita haina mwanasayansi, lakini tangu 1979 inaruhusiwa kuandikwa L, maana l ndogo hufanana mno na tarakimu 1. Kwenye dozi ya dawa, tumia L: 1 L haisomeki kuwa 11.