Kapsheni Fupi, na Mama Ajue Kwanza

Mdogo wangu wa Toronto, nimeisoma rasimu ya kapsheni yako. Aya sita! Umeanzia utotoni Tanga, ukamrushia baba dongo, kisha ukamshukuru mama "kwa kunipokea jinsi nilivyo." Lakini barua yako inasema mama hajui lolote. Unamshukuru hadharani kwa jambo ambalo hajaambiwa?

Fikiria saa pia. Ukiiweka saa nne usiku huko kwako, Tanga ni alfajiri. Mama ataamshwa na simu ya shangazi anayetaka kujua "mwanao ameandika nini." Kwa hiyo mpigie Jumamosi asubuhi ya kwenu, kwake jioni, kazi zimekwisha. Mwambie mwenyewe, mwache anyamaze au alie, usimharakishe. Ukitaka kumtaja kwenye kapsheni, muombe ruhusa. Akikataa, jina lake lisiwemo.

Mimi ningeandika hivi:

"Nataka mlisikie hili kwangu: mimi ni mwanamume ninayependa wanaume. Nimelijua siku nyingi, na niko salama. Familia yangu naipenda na naiheshimu. Mwenye swali aniulize mimi faraghani, asiwasumbue wazazi wangu."

Basi. Hakuna "samahani," kwa sababu ukiomba radhi umewapa watu kiti cha hakimu. Hakuna aya ya dini, maana mjomba naye atajibu kwa aya yake na ukurasa utageuka baraza. Baba naye tumemwondoa. Ugomvi wenu ni wa nyumbani. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomkinga mama: jirani akimuuliza, ana la kujibu, "Amesema mumuulize mwenyewe."

Sasa ile picha. Umesimama na binamu yako wa Dar, mmekumbatiana. Ibadilishe, weka uliyo peke yako. Wewe uko Kanada, ambako ndoa za jinsia moja ni halali nchi nzima tangu 2005. Yeye yuko Tanzania, ambako kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika hadi kifungo cha maisha. Kukumbatiana pichani si kosa, lakini mtaa hausomi sheria kabla ya kunong'ona. Usimtagi yeye wala ndugu yeyote.

Facebook inakuruhusu kuchagua watakaoona, na Instagram ina orodha ya marafiki wa karibu. Zitumie, ila usizitegemee: mmoja akipiga skrinshoti, imeshafika kwenye grupu la ukoo. Andika kila neno kama litakalosomwa na bibi. Na maoni yafunge, au yaruhusu kwa wachache, maana matusi yatakayoandikwa chini yake mama atayasoma pia.

Kuna jambo moja ningelipinga kabisa: kama ada au kodi yako bado inalipwa na baba, usiweke kitu mpaka uwe na njia nyingine ya kuilipa. Kapsheni haiozi, mdogo wangu. Piga simu kwanza.