NENO DOGO "NE" NA CHAI YETU: SOMO LA TAFSIRI YA KIRUSI

Kirusi huita chai "chai", sawasawa na sisi tulivyozoea kuiita huku Kericho na Bomet. Ukisikia hivyo unadhani lugha hiyo ni ya jirani. Lakini subiri ukutane na neno dogo la kukanusha, "ne". Neno lenyewe lina herufi mbili tu katika Kirusi, lakini limewakosesha watu alama nyingi. Tatizo ni moja: je, linaandikwa pekee au linaunganishwa na neno linalofuata? (Maneno ya Kirusi nimeyaandika kwa herufi zetu ili kila mtu ayasome.)

Mwenzetu mmoja ana nia ya kuomba nafasi ya masomo Urusi. Huko mgeni husoma lugha kwanza, kwa kawaida mwaka mzima, ndipo aanze udaktari au uhandisi wake, na mtihani wa lugha ukimshinda safari huishia hapo. Basi alitunga sentensi tano juu ya chai, akazitafsiri kwa Kirusi, akampelekea mjomba wake aliyesoma Moscow zamani. Sentensi zake ni hizi:

1. Mama hakunywa chai.
2. Chai hii si ghali.
3. Majani yasiyochumwa yamebaki kwenye miti.
4. Majani yasiyochumwa kwa wakati huwa magumu.
5. Majani hayajachumwa.

Karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu. Alipata moja tu kati ya tano! Alikosea wapi? Alifuata Kiswahili. Katika sentensi ya 1, 3, 4 na 5, ukanusho wetu umeshikana na kitenzi: ha-, -si-, haya-. Kwa hiyo akaunganisha "ne" kote. Katika ya 2, "si" imesimama peke yake, naye akaiacha "ne" peke yake. Kumbe Kirusi kina hesabu zake. Hebu tuzipitie.

KITENZI

Hapa kanuni ni nyepesi: "ne" huandikwa mbali na kitenzi. Mama hakunywa chai ni "Mama ne pila chai", wala si "nepila". Sijui ni "ne znayu". Kirusi hukiona kitenzi kuwa neno kamili na "ne" kuwa mlinzi aliyesimama mlangoni, haingii ndani.

Isipokuwa vile vitenzi visivyoweza kuishi bila "ne". Nachukia ni "nenavizhu". Ukiiondoa "ne" unabaki na "navizhu", neno ambalo Mrusi halijui. Hivyo jiulize: nikitoa "ne", kinachobaki kina maana? Kikiwa na maana, tenganisha. Kisipokuwa na maana, unganisha.

KIVUMISHI

Hapa ndipo penye utamu. Kanuni hutazama maana. "Ne" ikiunda sifa mpya unayoweza kuitaja kwa neno jingine moja, unganisha. Chai isiyo ghali ni chai rahisi. Kwa hiyo: "Etot chai nedorogoi". Lakini ukiweka sifa mbili zipingane, ukakataa moja na kushika nyingine, tenganisha: "Etot chai ne dorogoi, a deshyovyi", yaani chai hii si ghali bali ni rahisi.

Umeliona hilo neno "a"? Hilo ndilo "bali" letu. Kirusi kina neno jingine, "no", ambalo ni "lakini" yetu. Sasa tazama: "Etot chai nedorogoi, no khoroshii", chai hii si ghali lakini ni nzuri. Hapa "ne" imeunganishwa, kwa sababu bei na uzuri havipingani. Chai moja inaweza kuwa na vyote viwili. Basi mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati: ukiona sentensi yako inadai "bali", tenganisha. Ikidai "lakini", unganisha.

Tahadhari moja. Mtu akikuambia chai hii ni ghali nawe ukambishia, "Wacha bwana, si ghali!", unaweza kutenganisha hata kama "bali" haikutamkwa, kwa maana unakataa neno lake. Hapo mfasiri lazima asome aya nzima ajue kama mwandishi anasifu bei au anabishana.

KIVUMISHI KILICHOZALIWA NA KITENZI

Tuje kwenye sentensi ya 3 na ya 4, zilizomtoa mwenzetu jasho. Sisi husema "yasiyochumwa". Kirusi hutumia neno moja lililotokana na kitenzi cha kuchuma lakini linalofanya kazi ya kivumishi: "sobrannye", yaliyochumwa.

Likisimama peke yake mbele ya jina, "ne" huungana nalo: "Nesobrannye listya ostalis na kustakh". Hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoipata mwenzetu. Lakini likipata neno la kulitegemea, la kueleza lini, wapi au na nani, "ne" hutengana: "Ne sobrannye vovremya listya grubeyut". Hilo "vovremya", maana yake kwa wakati, ndilo lililoleta talaka. Vivyo hivyo, majani yasiyochumwa na mama ni "ne sobrannye mamoi listya". Sababu ni kwamba neno likibeba wakati au mtendaji, ukitenzi wake huamka, nalo hufuata kanuni ya kitenzi. "Bali" nayo ikitokea, hutenganisha hapa pia.

Maneno ya kiasi tu, kama "sovershenno" (kabisa), hayahesabiwi. Somo lisiloandaliwa kabisa ni "sovershenno nepodgotovlennyi urok", limeunganishwa.

Sentensi ya 5 ni tofauti. Majani hayajachumwa ni "Listya ne sobrany". Neno limefupishwa, "sobrany" badala ya "sobrannye", nalo linatoa habari mwishoni mwa sentensi. Umbo hili fupi la kivumishi kilichozaliwa na kitenzi hutenganishwa daima.

Kanuni hizi zimo katika kanuni za tahajia ya Kirusi zilizoidhinishwa mwaka 1956, na shuleni kwao watoto huzikariri kama sisi na ngeli.

Mjomba alimalizia kwa utani. Alimwandikia mpwa wake pembeni: "Ty nesobrannyi!" Kijana akadhani ameambiwa "wewe hujachumwa". La! Kwa mtu, neno hilo likiunganishwa maana yake ni asiyetuliza akili.

ZOEZI

Sema kama "ne" itaunganishwa au itatenganishwa:

(a) barua isiyosomwa
(b) barua isiyosomwa na mwalimu
(c) barua haijasomwa
(d) nyumba si kubwa bali ni ndogo
(e) nyumba si kubwa lakini ni safi

Majibu: (a) unganisha, neprochitannoe pismo. (b) tenganisha, ne prochitannoe uchitelem pismo. (c) tenganisha, pismo ne prochitano. (d) tenganisha, dom ne bolshoi, a malenkii. (e) unganisha, dom nebolshoi, no chistyi.

Mwenzetu amelirudia zoezi hili, amepata tano kwa tano. Wewe je?