Nukta ya kijani au ya chungwa: nani anatumia kamera au maikrofoni?

Kwenye aifoni, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, nukta ya chungwa juu ya skrini humaanisha maikrofoni inatumika. Ya kijani humaanisha kamera, ikiwa peke yake au pamoja na maikrofoni. Android 12 na matoleo ya baadaye hutumia kijani kwa vyote viwili, kwa hiyo rangi pekee haitoshi.

Mtu akirekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nukta ni halali. Ikiwaka akiwa kwenye mchezo wa karata usiohitaji sauti, afungue Control Center kwenye aifoni, au ashushe pazia la juu kwenye Android, mara moja. Aifoni huandika jina la programu juu ya Control Center, hata muda mfupi baada ya nukta kuzimika. Kwenye Android aiguse alama ya kijani.

Jina likishajulikana, aingie kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, aondoe ruhusa ya maikrofoni. Mchezo ukiendelea vizuri bila ruhusa hiyo, haukuihitaji.

Nukta haisemi kama sauti imehifadhiwa au imetumwa kokote. Huonyesha tu kwamba maikrofoni au kamera imefunguliwa.