Bomba la kufukia kutoka ziwani hadi tenki: HDPE, PVC au chuma?

Msimu wa kiangazi ukianza, simu zinazoniingia nyingi ni za swali moja: "Afisa, nataka kuvuta maji ziwani nipeleke shambani, ninunue bomba gani?" Leo nalijibu kwa shamba moja la nyanya na pilipili hoho huku upande wa Magu, kwa sababu mwenye shamba alishalipa gharama ya kukosea.

Pampu yake iko karibu na maji. Tenki liko mita 600 kutoka hapo, na ukipanda mpaka mdomo wa tenki ni mita 38 juu ya ziwa. Anahitaji lita 10,000 kwa saa. Njia ya bomba inapita kwanza kwenye mbuga, ule udongo mweusi mnaoujua, kisha inakata barabara ya vumbi ya malori ya mchanga, halafu inapanda kwenye mawe.

Mara ya kwanza alilaza PVC ya gundi ya inchi 2 na nusu, PN6, kwa kuwa ndiyo ilikuwa na bei poa dukani. PVC inauzwa kwa vipande vya mita 6, kwa hiyo mita 600 ni vipande 100, na maungio karibu 100. Masika mbuga inavimba, kiangazi inakauka na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Bomba linavutwa huku na huku, lakini ungio la gundi halina mchezo hata kidogo. Ndani ya mwaka mmoja alichimbua sehemu saba. Sita zilikuwa kwenye mbuga na zote zilikuwa zimeachia au kupasuka penye ungio. Ya saba ilikuwa katikati ya kipande, kule chini karibu na pampu, na hiyo sababu yake ni nyingine.

Sababu hiyo ni presha. Namba ya PN iliyoandikwa kwenye bomba ukiizidisha mara 10 unapata mita za maji ambazo bomba linabeba: PN6 ni mita 60, PN10 ni mita 100. Sasa tupige hesabu. Kupanda ni mita 38. Msuguano wa maji ndani ya bomba la milimita 75 kwa mtiririko ule ni kama mita 6. Jumla 44. Fundi akiona 44 na bomba la 60 anasema inatosha. Lakini umeme ukikatika ghafla, maji yaliyokuwa yanapanda yanasimama, yanarudi, na yanagonga valvu ya chini. Pigo hilo linaongeza presha kwa sekunde chache, na ukubwa wake unategemea bomba lenyewe. Kwa mwendo wa maji wa laini hii, HDPE inayonyumbuka inapata nyongeza ya kama mita 20. PVC ni ngumu zaidi, inapata kama mita 30. Chuma hakinyumbuki, kinaweza kuzidi mita 60, ila chenyewe kina nguvu ya kubeba hayo. Kwa hiyo PVC yake ilikuwa inapigwa mita 74 wakati uwezo wake ni 60, tena kila umeme unapokatika. Siku ya kwanza haipasuki. Inachoka polepole, na siku moja inafunguka kwa ufa mrefu ulionyooka. Ukiona ufa wa namna hiyo, usimlaumu fundi wa gundi.

Jambo jingine dogo: PN inapimwa kwa maji ya nyuzi 20. Maji ya ziwa letu ni ya moto kuliko hapo, na kwa nyuzi 30 HDPE inapoteza kama asilimia 13 ya uwezo. PN10 inakuwa kama mita 87. Bado inatosha 64 za huyu mkulima. PN6 haitoshi kabisa, iwe HDPE au PVC.

Mara ya pili tulichagua HDPE ya milimita 75, PN10, kwa sehemu kubwa ya njia. Kwa mita, dukani ni ghali kuliko PVC, sikatai. Lakini inakuja kwa rola za mita 100, kwa hiyo kati ya rola sita kuna maungio matano tu, na kwenye mbuga bomba linapinda pamoja na udongo. Ukijumlisha koplingi, gundi, siku za mafundi na kuchimbua, tofauti ya bei inapungua sana. Kama shamba lako lote ni kichanga kilichotulia na fundi wako ni mzuri, PVC ya PN10 yenye maungio ya mpira, siyo gundi, inakufaa na itakuokolea hela. Kumbuka tu kuweka zege nyuma ya kila elbo, maana ungio la mpira linachomoka presha ikisukuma kwenye kona.

Chuma cha daktail je? Watu wanaona mamlaka za maji wanakitumia na kudhani ndiyo bora kwa kila kitu. Mradi kama ule unaotoa maji Ihelele, Misungwi, kuyapeleka Shinyanga na Kahama una kipenyo na presha ambazo wewe huna. Kwa inchi 3, kipande kimoja cha mita 6 kina zaidi ya kilo 70, bei yake ni mara kadhaa ya plastiki, na udongo mweusi wenye unyevu unakila usipokivisha mfuko wa nailoni. Sisi tulinunua vipande viwili tu, cha inchi 4, tukavilaza chini ya barabara ya malori na kupitisha HDPE ndani yake kama kwenye ala.

Ukienda kununua HDPE, beba mzani. Nina maana kabisa. Rola ya mita 100 ya milimita 75, PE100, PN10, ina ukuta wa milimita 4.5 na uzito wa kama kilo 95. Ukipata kilo 77, umeuziwa PN8 hata kama maandishi yanasema 10. Pitisha kidole ndani: kukiwa na mikwaruzo na vipele, au ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, ni plastiki iliyoyeyushwa upya. Liache.

Kulaza: mtaro wa sentimita 80, mchanga sentimita 10 chini na juu ya bomba, hasa kwenye mawe. Usiunge na kufukia saa saba mchana. Bomba jeusi lililolala juani likipoa kwa nyuzi 20 linasinyaa zaidi ya sentimita 30 kwa kila mita 100, na linajichomoa kwenye koplingi usiku. Lilaze likiwa limepinda pinda kidogo kama nyoka, lijaze maji lipoe, ndipo uunge mwisho na kufukia asubuhi.

Maungio yaache wazi mpaka upime. Jaza maji, toa hewa yote, pandisha mpaka mita 66, yaani mara moja na nusu ya 44. HDPE inatanuka, kwa hiyo mshale utashuka kidogo mwanzoni. Ongeza presha, subiri nusu saa, ongeza tena. Ukiendelea kushuka kwa kasi ileile, pita na karatasi kavu kwenye kila koplingi. Itakayolowana ndiyo ya kukaza.