NI NANI ANAYEUSHIKA UKUTA? SOMO LA KUKAGUA UTARATIBU WA UCHIMBAJI KARIBU NA JENGO

Tarehe 27 Juni, 2009, katika mji wa Shanghai, Uchina, jengo jipya la ghorofa 13 lilianguka ubavu na kulala chini karibu zima. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha. Upande mmoja wa jengo lilikuwa limechimbwa shimo la kina cha mita 4.6 hivi kwa ajili ya maegesho ya magari. Upande wa pili udongo ulikuwa umelundikwa hadi kimo cha mita 10 hivi. Udongo ulisukumwa kuelekea shimoni, na nguzo za msingi zikavunjika. Kuchimba shimo ni kazi ya kawaida, na kulundika udongo vilevile ni kazi ya kawaida. Kosa lilikuwa katika mahali na mfuatano wa kazi hizo.

Kwa sababu hiyo mkandarasi hutakiwa kuandika waraka wa utaratibu wa kazi kabla ya kuanza kuchimba, na mhandisi huukagua. Katika somo hili tutakagua waraka mmoja wa kubuni pamoja. Shimo litakuwa na kina cha mita 6, katika mchanga wa mwambao. Maji ya ardhini yako mita 3 chini ya uso wa ardhi. Mita 2 tu kutoka ukingo wa shimo limesimama jengo la ghorofa 3, ambalo msingi wake umekwenda chini mita 1.2. Waraka unasema hivi:

1. Mabamba ya chuma ya mita 10 yatapigiliwa kuzunguka eneo.
2. Udongo utachimbwa hadi kina cha mita 6.
3. Mihimili ya kukingama itawekwa katika kina cha mita 1 na mita 3.5, kadiri kazi inavyoendelea.
4. Maji yatavutwa kwa pampu.
5. Sakafu ya zege itamwagwa, mihimili itaondolewa, kisha kuta za chumba cha chini zitajengwa.
6. Jengo la jirani litaangaliwa kila siku.

Kila sentensi, ikisomwa peke yake, ni sahihi. Mkaguzi hana budi kusoma yaliyo baina ya sentensi, akijiuliza katika kila hatua: saa hii, ni nani anayeushika ukuta?

Pengo la kwanza: kuchimba kabla ya kukingamisha

Maneno "kadiri kazi inavyoendelea" hayasemi mchimbaji asimame wapi. Tufanye hesabu. Mchanga wa kawaida wenye uzito wa kilonyutoni 18 kwa kila mita ya ujazo husukuma ukuta kwa takriban theluthi moja ya uzito wake. Kwa hiyo msukumo huongezeka kwa kilonyutoni 6 kwa mita ya mraba katika kila mita ya kina. Ukuta usio na mhimili umesimama kama fimbo iliyochomekwa ardhini. Tukiita kina cha shimo *h*, kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta:

kani ya msukumo = ½ × 6*h* × *h* = 3*h*²

Kani hiyo hutenda katika theluthi ya kina kutoka chini, hivyo nguvu ya kuupinda ukuta pale kwenye usawa wa sakafu ya shimo ni:

3*h*² × *h*/3 = *h*³

Mchimbaji akisimama katika mita 1.5 na kuweka mhimili wa kwanza, nguvu hiyo ni kilonyutoni-mita 3.4 hivi. Akiendelea hadi mita 3 bila mhimili, ni 27. Kina kimeongezeka mara mbili, lakini nguvu ya kupinda imeongezeka mara nane. Na bado hatujahesabu uzito wa jengo la jirani, ambao nao huusukuma ukuta.

Hivyo mkaguzi ataandika: "Chimba hadi mita 1.5 na usizidi, weka na ukaze mhimili wa kwanza, mhandisi athibitishe, ndipo uchimbe hadi mita 4 kwa ajili ya mhimili wa pili."

Pengo la pili: maji yanayobeba mchanga

Hatua ya 4 ina maneno manne tu, nayo huenda ikawa ya hatari kupita zote. Maji yaliyo nje ya ukuta yatatafuta njia ya kuingia shimoni. Yakipata mwanya katika maungio ya mabamba, hubeba mchanga kutoka chini ya msingi wa jirani. Tuseme pampu inatoa lita 5 kwa sekunde, na kila lita ina gramu 1 tu ya mchanga. Kwa siku moja zimeondoka kilo 432. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kilo 1,600 hivi. Basi kwa siku nne imetoweka zaidi ya mita moja ya ujazo, na hakuna aliyeiona ikiondoka.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Teka maji ya pampu katika chombo cha kioo, uyaache yatulie. Mchanga ukijikusanya chini siku baada ya siku, uchimbaji usimame na mwanya uzibwe. Waraka hauna budi kutaja kipimo hicho, pamoja na pampu ya akiba na jenereta.

Pengo la tatu: kuondoa mihimili

Wengi hudhani kwamba hatari imekwisha shimo likifika chini. Tazama hatua ya 5: mihimili inaondolewa *kabla* ya kuta kujengwa. Ni nani basi anayeushika ukuta? Sakafu inaushika chini tu. Juu yake ukuta umesimama peke yake kwa mita 6, na hata tukiyaacha maji, *h*³ ni 216, yaani mara 64 ya ile hali salama ya mita 1.5.

Mfuatano ulio sawa ni huu: sakafu imwagwe hadi ibanane na ukuta, ikomae, na nguvu yake ithibitishwe kwa kuvunja vipande vya majaribio, ndipo mhimili wa chini uondolewe. Mhimili wa juu ubaki hadi kuta za chumba na sakafu ya usawa wa ardhi zikomae na kuchukua mzigo wake.

Pengo la nne: kuangalia bila kipimo

"Kuangaliwa kila siku" si kinga. Kabla ya kazi kuanza, nyufa zote za jengo la jirani zipigwe picha, na alama za kupimia usawa ziwekwe ukutani. Kisha waraka utaje namba. Kwa mfano, kama mhandisi amekadiria kuwa jengo litatitia milimita 10, basi kwenye 7 vipimo viongezwe, na kwenye 10 uchimbaji usimame, udongo urudishwe kuegemea ukuta, na wakazi watoke. Jina la cheo cha mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi liandikwe pia, maana usiku si wakati wa kuanza kutafuta mwenye kauli.

Maswali ya kujipima

1. Nguvu ya kupinda ni ngapi kwa *h* = mita 2? Linganisha na mita 4, ukichukulia kwamba hakuna maji.
2. Hatua ya 1 haisemi jinsi mabamba yatakavyopigiliwa. Mtikiso wa nyundo waweza kuufanya nini mchanga uliolegea chini ya msingi wa jirani?
3. Waraka hausemi udongo uliochimbwa utawekwa wapi. Kwa kukumbuka tukio la Shanghai, andika sentensi inayokosekana.