Hongera ya Mistari Michache kwa Kijerumani

*Shangazi, mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee huku Ujerumani. Mwenzangu A., dada aliyenipokea na kunifundisha kazi, amepata kazi hospitalini, atakuwa msimamizi wa wodi. Nimemwandikia hongera ndefu kwa Kijerumani, yenye dua na maneno "usitusahau, utuvute na sisi huko". Sasa naogopa kuituma. N.M.*

Mwanangu N.M., shukrani yako ni ya kweli, na hofu yako ina akili. Tuupunguze ujumbe huo, moyo ubaki.

Habari umeipata wapi?

Kama A. amekuambia mwenyewe, endelea. Kama umeisikia kwenye chumba cha chai, subiri. Huko Ujerumani mfanyakazi anayeacha kazi hutoa notisi kwa maandishi. Kwa sheria ni angalau wiki nne, ikiishia tarehe 15 au mwisho wa mwezi, na mikataba mingi hudai zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuitoa, mtu anaweza kukaa siku kadhaa ana kazi mpya mfukoni, na mkubwa wake hajui. Hongera yako ukiitupa kwenye kundi la WhatsApp la zamu, ambalo mkubwa naye yumo, umemtangazia mwenzako siri yake. Mwandikie yeye peke yake. Kundini utapongeza baada ya yeye kutangaza.

Mnaitanaje?

Kijerumani kina *du* ya watu waliozoeana na *Sie* ya heshima. Kati ya wauguzi wa zamu moja *du* ni ya kawaida, lakini usikisie, angalia A. anakuitaje na ninyi mmezoea nini. Mkishaitana *du*, usirudi kwenye *Sie* kwa sababu amepanda cheo. Wewe utaona umemheshimu, yeye ataona umemweka mbali. Na kama bado ni *Sie*, ujumbe wa hongera si mahali pa kuivunja: kwa desturi mkubwa kwa umri au cheo ndiye anayeanza.

Andika hivi

Weka jina lake la kwanza mahali pa herufi:

```
Liebe A.,
herzlichen Glückwunsch zur neuen Stelle!
Ich freue mich sehr für dich, auch wenn du
mir hier fehlen wirst. Danke, dass du mir am
Anfang so geduldig geholfen hast.
Viel Erfolg und einen guten Start!

Liebe Grüße
N.
```

Umempongeza, umesema unamfurahia ingawa utamkosa, umemshukuru kwa uvumilivu wake ulipokuwa mgeni, ukamtakia mafanikio na mwanzo mwema. Sentensi ya shukrani ndiyo yako hasa, maana zile nyingine hata mpita njia angeziandika. Ukikumbuka jambo moja alilokufundisha, litaje hapo.

Wageni wengi hujikwaa mahali pawili. Ni *herzlichen*, si *herzlicher*, kwa sababu nyuma yake kuna "nakutakia" isiyotamkwa. Na baada ya mkato wa salamu, mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo.

Kama mnaitana *Sie*, anza *Liebe Frau* na jina la ukoo, kisha badili: *für Sie*, *Sie mir hier fehlen werden*, *Sie mir … geholfen haben*. Hiyo *Sie* ianze kwa herufi kubwa kila mara. Ile *sie* ndogo ni "yeye" au "wao", naye atajiuliza unamsema nani. Mwisho weka *Viele Grüße* na jina lako lote.

Ulichoandika ukiache

"Utuvute na sisi" kwetu ni utani wa kuagana. Kwa A. utasomeka kama ombi la kazi, tena kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ataanza kwa kipindi cha majaribio, ambacho kinaweza kufika miezi sita. Atashindwa kukujibu ndiyo, ataona haya kukujibu hapana, na hongera itageuka deni. Kama kweli unataka kazi huko, subiri azoee, kisha muulize waziwazi siku nyingine. Pongezi na ombi havikai sahani moja.

Dua nayo ipime. Kama mmewahi kuzungumza habari za imani, mstari mmoja utapokewa vizuri. Kama hujui imani yake, mwombee kimya. Mungu hasomi WhatsApp.

Wala usimuulize mshahara. Wajerumani wengi huona hilo ni jambo la ndani.

Akijibu

Huenda akarudisha *Danke dir!* tu, maneno mawili na alama ya mshangao. Usilale ukijiuliza umekosea wapi. Hilo ni jibu kamili, na wala usitume ujumbe wa pili kuufafanua wa kwanza. Likibaki la kusema, mwambie kwa mdomo kabla ya zamu yake ya mwisho.

Shangazi yako